Mguu wa kushoto umelala na kinundu kimetoka: nikamwone nani?

MamaVitenge: Wakuu, habari zenu. Nina miaka 48, nauza vitenge Kariakoo, kutwa nimesimama. Tangu mwaka jana upinde wa unyayo wa kushoto umepotea, na pembeni ya kidole gumba kuna kinundu. Wa kulia uko vilevile. Nimeweka picha za mbele na nyuma. Kinachonisumbua ni hicho kinundu au ni unyayo?

FundiViatuIlala: Nyayo bapa wengi tunazo dada, wala si ugonjwa. Tafuta soli za ndani zenye kibonge katikati, achana na viatu vilivyochongoka. Utapona.

BabaNaima: Wangu ana miaka 3, nyayo zote zimelala kabisa. Nimpeleke hospitali?

Fizio_Temeke: BabaNaima, umri huo upinde bado haujajengeka. Kama anakimbia na halalamiki maumivu, mwache acheze.

Mama, pole. Picha ya mbele umeipigia juu, kinundu kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Ukubwa wa kupinda kwa kidole hupimwa kwa eksirei ukiwa umesimama.

Ya nyuma ndiyo imenishtua. Kisigino cha kushoto kimelalia nje, na kando yake vinachungulia vidole vitatu; kulia naona kimoja tu. Ila pengine ulisimama umegeuza unyayo nje. Rudia hivi: piga hatua chache papo hapo, simama miguu ilivyotua, simu iwe sakafuni usawa wa visigino, suruali ipandishwe hadi magotini. Kisha shika ukuta, simamia vidole vya mguu mmoja mmoja, mwenzako akurekodi. Kisigino kisicho na tatizo hunyanyuka na kugeukia ndani, upinde unarudi.

MamaVitenge: Asante kaka. Kulia nimepanda vizuri. Kushoto kisigino hakikutoka chini, na pamevimba nyuma ya kifundo upande wa ndani, nikibonyeza panauma. Vidole bado vitatu.

Fizio_Temeke: Basi kinundu kisubiri. Kuna kano inapita hapo nyuma ya kifundo, ndiyo inayobeba upinde. Mguu mmoja kulala ukubwani, tena na maumivu hapo, mara nyingi kano hiyo imechoka au inachanika. Ona daktari wa mifupa anayeshughulika na miguu, MOI pale Muhimbili wapo, usiache ipite miezi. Ikichelewa kisigino huweza kukakamaa, na hapo soli haiwezi kukinyoosha tena.

FundiViatuIlala: Kwa hiyo soli zangu bure?

Fizio_Temeke: Si bure, huenda hata daktari akampa. Ila ziwe za kupimwa, zinazoshika na kisigino. Kibonge cha dukani kinaweza kukandamiza palepale panapouma.

DadaMbagala: Mimi nina sukari, nyayo zangu sawa ila vidole vina ganzi. Nipige picha?

Fizio_Temeke: Ganzi haionekani kwenye picha. Wewe nenda kliniki ya sukari wiki hii, wakague nyayo.

MamaVitenge: Na kinundu, watakikata?

Fizio_Temeke: Hapo hata madaktari hawakubaliani sana. Kama hakikuumi, wengi watakiacha.