Ushauri: Profaila inaonyesha prosesa inasubiri tu. Je, ninunue kadi mpya ya michoro?

Mwana_Kirumba (mtoa mada)
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninatengeneza gemu ya uvuvi wa dagaa kwa kutumia Unity, na walengwa wangu ni vijana wanaocheza katika vibanda vya gemu hapa Mwanza. Hatua za mchana zinakwenda vizuri, lakini usiku, mitumbwi inapotoka Mwaloni kuelekea kilindini, fremu zinashuka hadi 25 kwa sekunde na usukani unakuwa mzito. Nimefungua profaila nikakuta kila fremu inachukua milisekunde 40, na 31 kati ya hizo zinaliwa na mstari mmoja unaoitwa `Gfx.WaitForPresentOnGfxThread`. Kwa ninavyoelewa, prosesa imemaliza kazi yake na imekaa kuisubiri kadi ya michoro. Kadi yenyewe ni ya zamani, ina GB 4, na `Task Manager` inaonyesha inatumika kwa asilimia 97. Naomba ushauri: ninunue kadi ya GB 8, au nijikaze niende kwenye GB 12?

Nyakato_Senta
Pole sana, ndugu. Mimi nina kibanda cha gemu na tatizo hili nimeishi nalo. Kompyuta moja ilikuwa inaanza vizuri asubuhi, lakini ikifika mchana wateja wanarusha maneno. Nilipoifungua nikakuta feni imejaa vumbi kama godoro. Nilisafisha, nikabadilisha ile grisi ya kupitisha joto, na tangu siku hiyo hakuna aliyelalamika. Anza na feni kabla hujatoa hela.

Mwl_Sengerema
Joto lingeathiri hatua za mchana vilevile, kwa hiyo tuliweke kando. Kipimo ni chepesi: shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 × 1080 hadi 1280 × 720, usiguse kitu kingine. Kadi itakuwa imepunguziwa zaidi ya nusu ya nukta za kupaka rangi. Muda wa fremu ukishuka, mhusika ni kadi; usiposhuka, mhusika ni prosesa, na mjadala umefungwa.

Mwana_Kirumba
Shikamoo, mwalimu. Nimefanya hivyo, na muda umetoka 40 ukawa 39. Hata hivyo, nadhani kadi imechoka kiasi kwamba hata picha ndogo inaishinda, kwa hiyo bado naona kununua ndiyo njia.

Karakana_ya_Michoro
Kaka, huo mstari unawapoteza wengi kwa sababu ya jina lake. Unachosema ni kwamba uzi mkuu wa prosesa umesimama ukiusubiri uzi wa kuchora, na uzi wa kuchora nao ni kazi ya prosesa hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kuihukumu kadi, uliza yule anayesubiriwa anafanya nini. Badilisha mwonekano wa profaila uwe `Timeline`, kisha shuka chini ya `Main Thread` hadi `Render Thread`, utazame kipande kilekile cha muda. Ukikuta uzi wa kuchora umekaa kwenye `Gfx.PresentFrame`, hapo kweli unaisubiri kadi, au unausubiri mzunguko wa skrini kama `VSync` imewashwa. Ukikuta umejaa `Camera.Render`, basi prosesa yenyewe ndiyo imezidiwa na kuandaa amri za kuchora, na kadi haina kosa.

Naomba majibu ya mambo manne. `VSync` imezimwa? Umepima ndani ya kihariri, au umetoa gemu kamili ukiwa umeweka alama kwenye `Development Build`? Moduli ya `GPU Usage` inasema kadi inatumia milisekunde ngapi? Na la mwisho, usiku kuna kitu gani ambacho mchana hakipo?

```csharp
QualitySettings.vSyncCount = 0;
Application.targetFrameRate = -1;
```

Mwana_Kirumba
Asante, dada. `VSync` nilikuwa nimeizima tangu mwanzo, na nilipima gemu kamili. `Render Thread` imejaa `Camera.Render` kwa takribani milisekunde 36. Moduli ya `GPU Usage` haikuonyesha kitu mpaka nilipozima `Graphics Jobs` katika mipangilio. Baada ya hapo imeonyesha kadi inatumia milisekunde 11, na zile 36 hazikubadilika sana. Lakini niseme ukweli, tayari nimeacha kishika uchumba katika duka moja mjini kwa ajili ya kadi ya GB 12, na muuzaji ni mtu anayejua kazi yake. Hata kama haitamaliza tatizo lote, kadi bora haiwezi kuharibu.

Mzee_wa_Igogo
Kijana ameomba ushauri wa kununua wakati ameshanunua. Nyinyi endeleeni kumpimia milisekunde.

Karakana_ya_Michoro
Kadi mpya itamaliza zile milisekunde 11 mapema zaidi, kisha itakaa ikisubiri amri kutoka kwenye uzi uleule unaotumia 36. Swali langu la nne hukulijibu. Usiku kuna nini?

Mwana_Kirumba
Usiku kuna karabai. Mitumbwi ni 60, na kila mmoja una taa ya aina ya `Point`, yenye vivuli laini. Sikutaja kwa sababu najua mtaniambia niziondoe, na sipo tayari. Aliyewahi kukaa ufukweni usiku wa giza akaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga ziwani kama mji anajua kwamba bila zile taa, na bila kivuli cha mvuvi kinachoyumba kwenye wavu, hakuna gemu.

SatoMkavu
Angalau ameweka usiku wa giza. Angeweka na mbalamwezi inawaka, wavuvi wote wa Ukerewe wangemcheka.

Karakana_ya_Michoro
Hakuna atakayekuzimia karabai, lakini tuhesabu kazi unayoipa prosesa. Taa ya `Point` inaangaza pande zote, kwa hiyo ili Unity ipate vivuli vyake, inatazama kutoka kwenye taa hiyo kuelekea pande sita na kuchora upya kila kinachoweza kuweka kivuli. Tuseme mtumbwi wako una vipande vitano: mtumbwi wenyewe, wavuvi wawili, kasia na wavu, na kila karabai inaifikia mitumbwi mitatu. Hivyo ni vipande 15, na vingine vinaonekana katika pande mbili, kwa hiyo weka amri 20 kwa kila taa. Taa 60 zikiwa zote mbele ya kamera, ni amri 1,200 za vivuli pekee. Kisha, katika njia ya `Forward`, kila kipande kinachorwa mara moja kwa msingi na mara nyingine kwa kila taa ya ziada inayokigusa, hadi kikomo ulichoweka kwenye `Pixel Light Count`. Vipande 300 vikiguswa na taa tatu tatu, tayari una nyingine zaidi ya elfu moja. Picha ya kila kivuli ni ndogo na kadi inaipaka haraka, lakini kuandaa kila amri kunamgharimu prosesa hata kama kinachochorwa ni kasia tu.

Fungua `Frame Debugger` iliyo chini ya `Window > Analysis` uzihesabu mwenyewe. Halafu zima vivuli tu, taa uziache zikiwaka, kisha upime:

```csharp
foreach (var taa in FindObjectsOfType<Light>())
    if (taa.type == LightType.Point)
        taa.shadows = LightShadows.None;
```

Mwalimu, kwa heshima, kipimo chako kilikuwa sahihi nusu. Kilionyesha kwamba nukta za skrini hazina tatizo. Lakini picha za vivuli zina ukubwa wake wenyewe usiofuata skrini, kwa hiyo kadi ingeweza kukwama kwenye vivuli, na kipimo chako kisingeona kitu.

Mwl_Sengerema
Marahaba, kijana, nilichelewa kuitikia. Kuhusu kipimo, jibu nililotoa lilikuwa prosesa, na mnakubali kwamba ni prosesa. Nusu iliyokosekana siioni.

Jicho_la_Capri_Point
Samahani, mimi siiamini habari hii. Mwanzoni mtoa mada alisema kadi inatumika kwa asilimia 97. Sasa anasema kadi inafanya kazi milisekunde 11 katika fremu ya milisekunde 40, ambayo ni kama robo tu ya muda. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili. Halafu anataja GB 8, GB 12, duka la mjini na muuzaji anayejua kazi yake. Huyu ni mtu wa duka anayetafuta wateja, na gemu hakuna.

Nyakato_Senta
Mimi pia nilijiuliza, kwa sababu ushauri wa feni hakuujibu kabisa.

Mwana_Kirumba
Siuzi kadi, na ningekuwa nauza nisingetaja umri wa hii niliyonayo. Ile asilimia 97 niliiona nilipotoka kwenye gemu kwenda kutazama `Task Manager`, na kabla ya kutoka nilikuwa nimerudi kwenye menyu ili nisigongwe na mtumbwi mwingine.

Karakana_ya_Michoro
Hiyo inaeleza. Menyu ni picha nyepesi, na kwa kuwa `VSync` imezimwa na hakuna kikomo cha fremu, kadi inachora mamia ya fremu kwa sekunde, nyingi kuliko skrini inavyoweza kuonyesha. Kadi inaweza kufika karibu na asilimia 100 ikiachwa hivyo. Asilimia inayosomwa kwenye menyu haisemi lolote kuhusu usiku wa ziwani.

Jicho_la_Capri_Point
Maelezo yanaingia akilini, lakini yametolewa na wewe, hayakutolewa na yeye. Nitaamini nikiona matokeo ya vivuli kuzimwa.

Mwana_Kirumba
Matokeo ni haya. Vivuli vya karabai vikizimwa vyote, fremu inachukua milisekunde 19, uzi wa kuchora 16, na kadi 8. Nikiurudishia kivuli mtumbwi wa mchezaji pekee, fremu inakuwa 20. Nimekubali kubaki hapo, ingawa mitumbwi ya mbali inaonekana kama inaelea juu ya maji. Muuzaji amekataa kurudisha kishika uchumba. Anasema nichague kitu kingine cha bei hiyohiyo.

Mzee_wa_Igogo
Chagua prosesa.

Karakana_ya_Michoro
Usichague chochote kabla hujapima kwenye mashine za vibandani, maana hao ndio wateja wako. Shusha pia `Pixel Light Count` hadi 2 uone kama jicho linatambua tofauti.

Nyakato_Senta
Amenitumia gemu na nimeijaribu kibandani, kwenye kompyuta isiyo na kadi ya pekee, inayotegemea michoro ya ndani ya prosesa. `VSync` imezimwa, vivuli ni vya mtumbwi mmoja tu, na fremu inachukua milisekunde 34. Mstari mrefu kuliko yote ni uleule, `Gfx.WaitForPresentOnGfxThread`, lakini huku kwangu `Render Thread` imekaa kwenye `Gfx.PresentFrame`. Niliposhusha picha hadi 1280 × 720, fremu ikawa milisekunde 21. Mwalimu, kipimo chako kimefanya kazi huku.

Jicho_la_Capri_Point
Basi gemu ipo.

Mwana_Kirumba
Kwa hiyo kwangu iliyolemewa ni prosesa, na kwa wateja wangu ni upande wa michoro? Sasa ile kadi ya GB 12 nikampe Nyakato_Senta?

Karakana_ya_Michoro
Punguza kwanza ukubwa wa picha kwenye mashine za aina yake, na utume `Timeline` ya hapo. Maji ya ziwa umeyapakaje rangi?