Asilimia za silabasi zinafika 110, naombeni ushauri kabla matokeo hayajatoka

Kalamu_Nyekundu:
Wakuu, habari za saa hizi. Kuna jambo linaninyima usingizi. Silabasi ya kozi moja imepanga alama hivi: mazoezi 20, majaribio mafupi 15, ripoti za maabara 25, mtihani wa katikati 15, mtihani wa mwisho 25, insha 10. Jumlisheni wenyewe, inafika 110. Muhula mzima hakuna aliyeona, na sasa alama zinatakiwa keshokutwa. Swali langu ni moja tu: ni halali kugawa kwa 110 ili kila kitu kirudi kwenye mia? Nataka jibu la kihesabu, mengine hayana haja.

Namba_Hazidanganyi:
Halali kabisa. Zidisha kila alama kwa uzito wake, jumlisha, kisha gawa kwa jumla ya uzito wote, iwe 110, 90 au 137. Uwiano haubadiliki: maabara ilikuwa sawa na mtihani wa mwisho, itabaki sawa. Nafasi za wanafunzi pia hazibadiliki, maana wote unawagawa kwa namba ileile. Uzi ufungwe.

Mwalimu_Mstaafu:
Wanangu, silabasi ni ahadi. Enzi zetu jedwali la alama liliandikwa ubaoni siku ya kwanza na darasa zima likalijumlisha pamoja. Siku hizi watu wananakili faili la mwaka jana, wanabadilisha tarehe, basi. Aliyeiandika hiyo silabasi aitwe, aulizwe.

Dawati_la_Nyuma:
Mimi yangu ilikuwa kinyume, ilipungua. Mradi 30, majaribio 25, mtihani 35, jumla 90. Mwalimu akagawa kwa 90 na wote tukaona sawa. Nilikuwa na pointi 63 kati ya 90, nikapewa 70. Baadaye ikajulikana kwamba mstari uliodondoka wakati wa kunakili ulikuwa wa mahudhurio, asilimia 10. Mimi sikukosa kipindi hata kimoja, kwa hiyo nilistahili 73. Jirani yangu alikuwa na pointi 63 vilevile na darasani haonekani, alistahili 63. Wote tukapewa 70. Mpaka leo inaniuma. Je, naweza bado kukata rufaa?

Sehemu_ya_Kumi:
Dawati, la rufaa waulize wenye kanuni za chuo chako, lakini kisa chako kinaonyesha kitu muhimu. Jumla ikipungua ukagawa kwa 90, unakuwa umechukulia kwamba kwenye zile 10 zilizopotea kila mtu angepata wastani wake uleule. Wewe ulijaziwa 7 badala ya 10, jirani akajaziwa 7 badala ya sifuri. Kama ule mstari haukuwahi kuwepo, kugawa ni sawa. Kama ulikuwepo ukadondoka, kugawa kunaficha kosa.

Ndiyo maana siwezi kumjibu mleta mada kabla ya kujua zile 10 za kwake zimetoka wapi. Toa insha, vitano vilivyobaki vinafika 100 kamili. Hilo halitokei kwa bahati tu. Hebu tuambie, mstari wa insha umeandikwaje neno kwa neno? Na wewe ni nani kwenye hii kozi?

Kalamu_Nyekundu:
Insha ni kipengele kama vingine, iko kwenye jedwali lilelile. Mimi nahusika na kozi, inatosha.

Pangu_Pakavu:
Mkuu, unazunguka mbuyu. Umeulizwa mambo mawili, hujajibu hata moja.

Kalamu_Nyekundu:
Haya. Mimi ni msaidizi wa mwalimu, ndiye ninayejumlisha alama. Kwenye mstari wa insha yameandikwa maneno "kwa atakayependa". Wengi hawakuandika. Lakini asilimia yake imetajwa kama za wengine, na mfumo wa matokeo haupokei zaidi ya 100, sasa ningefanyaje? Nimeshagawa kwa 110, na kiongozi wa darasa nimemwonyesha karatasi. Kurudi nyuma ni kazi.

Na matokeo si mabaya. Mwanafunzi wa kwanza: mazoezi 80, majaribio 70, maabara 90, katikati 60, mwisho 64, insha 85. Amepata 75.67. Wa pili ana alama hizohizo ila insha hakuandika, amepata 68.02. Aliyefanya kazi zaidi kapata zaidi. Hapo dhuluma iko wapi?

Sehemu_ya_Kumi:
Iko kwa huyo wa pili. Chukua vitano vya lazima peke yake: 80 mara 20, 70 mara 15, 90 mara 25, 60 mara 15, 64 mara 25. Jumla ni 7400, na uzito wake ni 100, kwa hiyo ana 74. Wewe umempa 68. Kosa lake ni lipi? Amekataa kitu alichoruhusiwa kukikataa. Unapogawa kwa 110 huku insha yake ikihesabiwa sifuri, umegeuza hiari kuwa lazima. Ukitaka kuona vizuri, mfikirie mwanafunzi aliyepata 100 kila mahali bila kuandika insha. Kwa hesabu yako anaishia 90.9. Yaani darasani kwako hakuna njia ya kufika mia bila kufanya kazi uliyoiita ya hiari.

Wa kwanza naye hajafaidika sana. Bila insha angekuwa na 74 yake. Kaandika insha nzuri ya 85, na kwa kugawa kwako inamwongezea kama pointi moja. Kama insha ilikusudiwa kuwa nyongeza, alistahili 74 na juu yake 8.5, jumla 82.5.

Namba_Hazidanganyi:
Nakubali, sikujua ni ya hiari. Basi rahisi: aliyeandika gawa kwa 110, asiyeandika gawa kwa 100. Kila mtu kwa alichofanya.

Sehemu_ya_Kumi:
Hapo ile hoja yako ya nafasi kutobadilika inakufa, maana kigawanyo si kimoja tena. Chukua mtu wa tatu mwenye 74 ileile, akaandika insha akapata 50. Ana 7900, ukigawa kwa 110 unapata 71.8. Mwenzake ambaye hakugusa insha anabaki na 74. Umemwadhibu kwa kujaribu. Njia hiyo inafaa pale mtu anaposamehewa kipengele, kwa mfano aliumwa siku ya jaribio. Haifai kwa kazi ambayo watu waliichagua wakitumaini itawainua.

Pangu_Pakavu:
Ngojeni kwanza. Nimechukua kikokotoo. Mwanafunzi wa kwanza ukijumlisha na insha ni 8250. Gawa kwa 110 unapata 75 kamili, bila hata nukta. Mleta mada anasema 75.67. Wa pili, 7400 kwa 110 ni 67.27, yeye anasema 68.02. Msaidizi gani wa mwalimu asiyejua kugawa? Tena wanafunzi wawili wenye alama sawasawa kwenye vipengele vitano! Wadau, hii ni chai.

Dawati_la_Nyuma:
Hata mimi nilianza kuhisi. Huyu ni mwanafunzi aliyepata 68 anatafuta hoja za kumpelekea mwalimu.

Mwalimu_Mstaafu:
Kama ni hadithi ya kutunga, tumepotezewa muda. Ila hata kwenye hadithi, jedwali lingejumlishwa mapema haya yasingekuwepo.

Kalamu_Nyekundu:
Sijatunga kitu. Wanafunzi nimewafananisha kwa makusudi ili mfano ueleweke na mtu asitambulike. Lakini namba ndizo zilizotoka kwenye jedwali langu la Excel, nimezikagua tena sasa hivi, ni hizohizo.

Sehemu_ya_Kumi:
Namwamini, na nadhani najua zimetokaje. Kalamu, uliandika upya uzito wa kila kipengele baada ya kugawa kwa 110, kisha ukaondoa desimali, sivyo? 20 inakuwa 18.18 ukaandika 18. Zile 15 mbili zinakuwa 13.64 ukaandika 14. Zile 25 mbili zinakuwa 22.73 ukaandika 23. 10 inakuwa 9.09 ukaandika 9. Sasa jumlisha: 18, 14, 23, 14, 23, 9. Unapata 101. Ukitumia namba hizo bila kugawa, mwanafunzi wa kwanza anapata 75.67 na wa pili 68.02, kama alivyosema. Mtu hawezi kutunga kosa linaloingia mpaka kwenye desimali ya pili.

Pangu_Pakavu:
Aisee. Nimejumlisha, ni 101 kweli. Chai naiondoa mezani.

Kalamu_Nyekundu:
Ndivyo nilivyofanya. Karatasi ya kumwonyesha kiongozi wa darasa isingependeza na 13.64. Nilijua ni tofauti ndogo.

Sehemu_ya_Kumi:
Ndogo, ila kwa mtu aliye karibu na mpaka wa daraja inatosha kumvusha. Kwenye karatasi onyesha namba fupi ukitaka, lakini hesabu usiifanyie hapo. Uzito uache ulivyo kwenye silabasi na kugawa kufanyike mara moja, mwishoni. Kama uzito uko mstari wa 1 na mwanafunzi yuko mstari wa 2, vya lazima vikiwa B mpaka F na insha ikiwa G:

```
=SUMPRODUCT(B2:F2,B$1:F$1)/SUM(B$1:F$1)
=SUMPRODUCT(B2:G2,B$1:G$1)/SUM(B$1:G$1)
```

Ya kwanza ni bila insha, ya pili ni pamoja na insha. Kuna njia mbili ambazo hazimuumizi mtu. Moja ni kumpa kila mwanafunzi iliyo kubwa kati ya hizo mbili: wa kwanza anapata 75, wa pili 74, wa tatu anabaki na 74 yake. Nyingine ni kuchukua ile ya bila insha na kujumlisha juu yake `G2*G$1/100`, na anayevuka mia anasimama kwenye mia. Hapo wa kwanza anapata 82.5 na wa tatu 79.

Namba_Hazidanganyi:
Kuna fomula nyingine inayoruka seli tupu yenyewe:

```
=SUMPRODUCT(B2:G2,B$1:G$1)/SUMIF(B2:G2,"<>",B$1:G$1)
```

Sehemu_ya_Kumi:
Ipo na inafanya kazi, ila ina mtego. Mtu ambaye hakutokea mtihani wa mwisho ukamwachia seli tupu, fomula inamsamehe zile 25 zote na anaweza kutoka na wastani mzuri. Kila pengo la lazima lijazwe 0 kwa mkono, na tupu ibaki kwa aliyesamehewa kwa ruhusa. Pia kwa insha inarudisha ile shida ya mtu wa tatu.

Kalamu_Nyekundu:
Nitachukua iliyo kubwa kati ya mbili. Hainilazimishi kumpa mtu 82.5 kwa insha moja, na kwa kiongozi wa darasa naweza kuieleza.

Sehemu_ya_Kumi:
Inaelezeka, lakini si wewe wa kuichagua. Asilimia 10 "kwa atakayependa" juu ya 100 kamili, mimi naisoma kama nyongeza, na aliyeandika insha aliisoma hivyohivyo alipoamua kukesha. Mwandikie mwenye kozi leo, mpe wanafunzi hao watatu na matokeo ya kila njia, akujibu kwa maandishi.

Kalamu_Nyekundu:
Nimemwandikia. Amejibu kwamba insha ilikuwa "ya kuwainua kidogo". Kidogo ni ngapi, hajasema. Nimemuuliza tena.

Dawati_la_Nyuma:
Na ukimpata, muulize pia ule mstari wa mahudhurio unadondokaje.