Debiti na krediti kwa wanagenzi: kati ya maelezo haya matatu, lipi libandikwe ukutani?

stoo_ya_Busia

Wapendwa, nina wanagenzi wanne hapa Busia kwenye stoo ya vyakula ya jumla. Kila mmoja ana lugha ya kwao, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Ninawaandikia orodha ya maneno ya hesabu ya kubandika juu ya meza: neno, maana yake kama unavyomweleza mtu dukani, na mfano wa mstari mmoja.

Mengi yamekubali bila shida. Ankara ni karatasi inayosema unadaiwa, risiti ni karatasi inayosema umelipa. Mtaji ni kile mwenye duka alicholiwekea duka: bosi ameleta 2,000,000, basi duka lina deni la 2,000,000 kwa bosi. Kwenye hilo la mwisho walishangaa kidogo, halafu wakaelewa.

Nimekwama kwenye debiti na krediti. Nina maelezo matatu:

A. Debiti ni kinachoingia, krediti ni kinachotoka.

B. Debiti ni upande wa kushoto wa akaunti, krediti ni upande wa kulia.

C. Krediti ni mahali thamani ilikotoka, debiti ni mahali ilikokwenda. Mfano: sukari ya 900,000 imetoka kwa msambazaji (krediti), imekwenda kwenye manunuzi (debiti).

Nilianza na A kwa sababu ni rahisi, na wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya pili niliwapa zoezi hili. Bosi anaweka mtaji wa 2,000,000 taslimu. Tunachukua magunia 5 ya sukari kwa mkopo, kila moja 180,000. Tunauza mawili kwa 200,000 kila moja, moja kwa taslimu na jingine kwa mama wa chapati atakayelipa mwisho wa mwezi. Tunapeleka 500,000 benki. Bosi anachukua 50,000 za karo ya mtoto.

Mmoja wao, tena ndiye mwepesi kuliko wote, alipata urari usiolingana: kushoto 3,250,000, kulia 3,350,000. Kakaa nao mchana kutwa. Nisaidieni kuchagua.

leja_Jinja

Ndugu, ile tofauti ya 100,000 imeshakuambia kila kitu. Urari ukikataa, gawanya tofauti kwa mbili, kisha tafuta kiasi hicho kwenye vitabu. Nusu yake ni 50,000, na 50,000 kwenye zoezi lako ni moja tu: karo ya bosi. Kijana aliiandika kulia mara mbili. Kwenye akaunti ya fedha taslimu aliiweka krediti, na hapo yuko sahihi. Halafu akafungua ukurasa wa matumizi ya mwenyewe, akajiambia "pesa imetoka", akaiweka krediti tena.

Yeye hakukosea. Alifuata maelezo A kama yalivyo. A ni kweli kwenye ukurasa mmoja tu, wa fedha taslimu. Ukivuka kwenda kurasa nyingine linakupoteza, kwa sababu kodi ya pango, karo ya bosi na mshahara vyote mtu anaviona kama "kutoka".

Kwa C angejiuliza: hizi 50,000 zimetoka wapi? Kwenye sanduku, krediti. Zimekwenda wapi? Kwa bosi mwenyewe, debiti. Basi. Akirekebisha atapata kushoto: fedha taslimu 1,650,000, benki 500,000, manunuzi 900,000, mama wa chapati 200,000, matumizi ya mwenyewe 50,000. Kulia: mtaji 2,000,000, msambazaji 900,000, mauzo 400,000. Pande zote 3,300,000.

Ningebandika C kwa herufi kubwa na B chini yake, maana akishajua ilikotoka na ilikokwenda bado anahitaji kujua mkono wa kuandikia. B peke yake halidanganyi, ila halimfundishi mtu kufikiri.

mizani_Mbale

Mimi niko na B tu, nilifundishwa hivyo na nimefanya kazi miaka. Kushoto, kulia, jumlisha. Urari ukilingana kazi imekwisha, vitabu ni sahihi, unafunga daftari unaenda nyumbani. Haya ya ilikotoka na ilikokwenda yanamchelewesha mwanafunzi.

leja_Jinja

Mzee wangu, kwa heshima, hapo kwenye urari sikubaliani nawe. Urari unalingana hata pale 200,000 za mama wa chapati zinapoandikwa kwenye ukurasa wa mteja mwingine. Debiti ipo, krediti ipo, jumla ni zile zile, lakini mwisho wa mwezi unamdai mtu asiyechukua sukari. Na ukisahau mauzo kabisa, pande zote zinapungua sawasawa, urari unakaa kimya. Kwa hiyo kwenye orodha ningeandika hivi: urari ni jedwali linalopima kama kila debiti ilipata krediti yake. Haulindi zaidi ya hapo. Kosa la jina la mteja unalikamata kwa kumsomea mteja salio lake, ana kwa ana, na kuangalia ankara aliyosaini.

mizani_Mbale

Hilo la jina la mteja ni kweli, limewahi kunipata. Lakini kuhusu kuanza na kushoto na kulia, bado niko palepale.

wakala_Arua

Samahani kama naingilia. Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Arua, na nimesoma huo mfano wa kuingia na kutoka nikaona ni shida yangu. Mteja akileta 100,000 niziweke kwenye simu yake, pesa imeingia mkononi mwangu, naandika mauzo 100,000. Mwisho wa mwezi mauzo yangu ni mamilioni, lakini za kununua unga sizioni. Nani ananiibia? Ninunue programu gani ya simu ya hesabu?

stoo_ya_Busia

Dada, programu ngoja kwanza. Tuambie asubuhi unaanza na kiasi gani.

wakala_Arua

Leo nilianza na floti 1,000,000 na taslimu 500,000.

leja_Jinja

Sawa dada, tumia C. Mteja kakupa noti za 100,000. Thamani imekwenda wapi? Kwenye sanduku lako, sasa lina 600,000. Imetoka wapi? Kwenye floti yako, sasa ni 900,000. Jumla ilikuwa 1,500,000 na bado ni 1,500,000. Hukuuza kitu, umebadilisha tu mfuko mmoja kwa mwingine. Debiti taslimu, krediti floti, na neno mauzo halionekani popote.

Kinachokutajirisha ni kamisheni pekee. Ikiingia, debiti pale ilipoingia, krediti mapato ya kamisheni. Kila jioni jumlisha floti na taslimu, ondoa kamisheni iliyoingia siku hiyo, na rudisha kwenye hesabu chochote ulichotoa kwa matumizi yako. Jibu liwe lile la asubuhi. Likipungua, hapo ndipo uanze kuuliza nani kachukua. Mara nyingi utakuta ni wewe mwenyewe ulinunua mboga ukasahau kuandika.

wakala_Arua

Mboga ni kweli. Na nauli ya bodaboda. Kesho naanza kuandika.

mpakani_Mutukula

Mie nafanya biashara na watu wa Bukoba, naomba niongeze jambo la maneno. Kabla ya debiti na krediti, angalia mdai na mdaiwa. Hizo herufi mbili za mwisho zimewahi kunitia hasara. Msaidizi wangu aliandika wateja wote chini ya "wadai" na wasambazaji chini ya "wadaiwa", nikampigia simu msambazaji kumwambia alete pesa zangu! Mdai ni anayekudai, mdaiwa ni unayemdai. Ukisema haraka yanafanana.

Kule ng'ambo mzigo unaochukua sasa na kulipa ukishauza wanauita mali kauli. Neno hilo kijana halisahau kamwe, maana kauli yako ndiyo dhamana. Je, tusiandike tu "waliotupa mali kauli" na "tuliowakopesha"?

stoo_ya_Busia

Umenigusa. Ila mali kauli hapa Busia wengine hawalijui, na mdai wangu mwingine ni mwenye nyumba, ambaye hakunipa mali yoyote. "Tuliowakopesha" nalipenda zaidi.

Sasa lingine. Yule kijana kaniambia: "Mjomba, benki yenyewe imeandika krediti." Na kweli, kwenye taarifa ya benki zile 500,000 tulizoweka ziko safu ya `Credit`. Sisi tumezifundisha kuwa debiti. Nilibaki natafuta maneno.

leja_Jinja

Hilo swali zuri sana, mpongeze. Taarifa ile si kitabu chenu, ni kitabu cha benki. Kwenye kitabu chao, 500,000 zimetoka kwenu, kwa hiyo ninyi ni krediti, ninyi ndio mnaowadai. Kwenye kitabu chenu zimekwenda benki, kwa hiyo benki ni debiti. Tukio moja, madaftari mawili, kama watu wawili wanaotazamana: kushoto kwako ni kulia kwa mwenzako. Mwambie achukue taarifa na daftari lenu, aviweke sambamba, kila `Credit` ya benki aitafutie debiti kwenu, kila `Debit` yao aitafutie krediti, na kuzitia tiki. Zitakazobaki bila tiki, hasa makato ya benki, ndizo mlizosahau kuandika.

karani_Tororo

Niongeze kidogo: tenganisheni mauzo na faida kwenye hiyo orodha. Kwenye zoezi lenu mauzo ni 400,000, lakini magunia mawili yaliyouzwa yaligharimu 360,000, faida ni 40,000 tu kabla ya matumizi mengine. Magunia matatu ya 540,000 bado yako stoo, hayajawa gharama. Kodi ya URA hapa Uganda kwa wafanyabiashara wadogo, wa kati ya milioni 10 na 150 kwa mwaka, inatazama mauzo, haitazami faida. Mwenye mauzo ya 24,000,000 akiwa na vitabu analipa 0.4% ya kile kilichozidi milioni 10, yaani 56,000. Asiye na vitabu analipa 80,000.

mizani_Mbale

Huyo wa 56,000 na wa 80,000 mwandikeni ukutani pia. Vijana watalikumbuka daftari.

stoo_ya_Busia

Nimeandika C juu, B chini yake, na A nimelihamishia kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la fedha taslimu peke yake. Jumatatu nawapa zoezi lile lile, ila safari hii mama wa chapati analipa nusu ya deni lake kwa simu. Mdai na mdaiwa nimewaachia nafasi wazi kwa penseli. Mwenye neno fupi zuri kuliko "tuliowakopesha" alilete kabla ya Jumatatu.