Bwana wa dirisha la pili ameniambia nirudi darasa la tano, na hesabu iliyokosewa ni yake

Mama Mabati

Wana jukwaa, habari za mchana. Nimeingia dukani kwangu Mwanga sasa hivi, sijavua hata mtandio, na naandika mikono ikinitetemeka kwa hasira. Simtaji jina, kwa sababu kila mfanyabiashara wa Kigoma aliyewahi kupeleka ankara katika ofisi ile anamjua: ni yule bwana wa dirisha la pili, mwenye kikokotoo kikubwa kama tofali na kalamu nyekundu isiyoisha wino.

Niliwauzia mabati 100 kwa shilingi 29,500 kila moja, bei tuliyokubaliana kwa maandishi kwamba ni pamoja na VAT. Jumla ni 2,950,000. Risiti yangu ya EFD imeonyesha bei bila kodi 2,500,000 na kodi 450,000. Bwana yule akaitazama kama mtu aliyeletewa samaki aliyeoza, akabonyeza 2,950,000 mara asilimia 18, akapata 531,000, kisha akakigeuza kikokotoo kuelekea foleni ili watu wote wakione, akasema kwa sauti ambayo nadhani hata abiria wa bandarini waliisikia: «Mama, rudi darasa la tano ukajifunze asilimia.»

Foleni nzima ilicheka. Kulikuwa na vijana pale niliowakopesha misumari, nao walicheka.

Nilijaribu kumweleza kwa upole. Bati moja mimi naliuza 25,000. Asilimia 18 ya 25,000 ni 4,500. Ukijumlisha unapata 29,500, ambayo ndiyo bei aliyoiona. Kwa hiyo kodi iliyomo ndani ya bati lile ni 4,500 na si senti moja zaidi. Yeye anataka niandike 5,310 kwa kila bati, kwa sababu amechukua asilimia 18 ya 29,500, yaani amelitoza kodi bati langu na pia ameitoza kodi ile 4,500 ambayo yenyewe tayari ni kodi. Asilimia 18 ya 4,500 ni 810. Zidisha kwa mabati 100 upate 81,000, nazo ndizo fedha anazotaka zitoke mfukoni mwangu. Hakunisikiliza. Alikigeuza tena kikokotoo kwa watu wa nyuma ambao hawakuona mara ya kwanza, akarudia yale ya darasa la tano, kisha akapiga mstari mwekundu juu ya ankara yangu na kusema kwamba mashine yangu imechezewa.

Imechezewa! Mimi huingiza bei ikiwa na kodi ndani, na mashine yenyewe ndiyo inayoichambua. Nauliza mbele yenu nyote, ni nani anayepaswa kurudi darasa la tano?

Kijana wa Gungu

Shikamoo mama. Pole kwa aibu, ila mimi niko upande wa dirisha la pili. Asilimia 18 ni asilimia 18. Nimebonyeza kwenye simu yangu 2,950,000 mara 0.18 nikapata 531,000 kamili, na simu yangu haijawahi kukaa dirisha la pili. Umeandika insha ndefu ya darasa la saba kwa swali la darasa la tano.

Mama Mabati

Marahaba, mwanangu. Simu yako imejibu vizuri swali ambalo hukupaswa kuiuliza. Na wewe kama ulikuwa kwenye foleni ile, sema.

Mhasibu Mstaafu

Kijana, usibishane na kikokotoo. Bishana na neno «ya». Asilimia 18 ya nini? Kodi huhesabiwa juu ya bei kabla ya kodi. Ukiigawa bei ya bidhaa katika mafungu 100, kodi inaongeza mafungu 18, na anachokilipa mnunuzi ni mafungu 118. Bei iliyo mkononi mwako ni yale 118, si yale 100. Ukitaka kujua fungu moja ni shilingi ngapi, huna budi kugawa kwa 118, na mafungu 100 ya namna hiyo ndiyo bei halisi. Kugawa kwa 1.18 ni jambo hilo hilo lililofupishwa: muuzaji alifika kwenye 29,500 kwa kuzidisha 25,000 mara 1.18, na njia pekee ya kurudi alikotoka ni kugawa kwa namba ile ile aliyozidishia. Huwezi kupanda ngazi kwa kuzidisha kisha ukashuka kwa kutoa asilimia ile ile na kutegemea utatua pale pale.

Kama hamniamini, ijaribuni hesabu ya bwana yule kwa kurudi nyuma. Yeye anasema kodi ni 531,000, hivyo bei bila kodi inabaki 2,419,000. Haya, iongezeeni 2,419,000 asilimia 18. Mtapata 2,854,420. Ankara ilikuwa 2,950,000. Zile 95,580 zimekwenda wapi? Fanyeni vivyo hivyo kwa 2,500,000, nayo itarudi 2,950,000 bila kupungua shilingi. Jaribio hili halihitaji cheti chochote, na mtu yeyote anaweza kulifanya palepale dirishani. Tena gawanyeni 531,000 kwa 2,419,000 muone: inakaribia asilimia 22. Bwana huyo ametunga kiwango cha kodi ambacho hakimo katika sheria yoyote ya nchi hii.

Sisi tuliofanya kazi tangu VAT ilipoanza mwaka 1998 tunakumbuka kwamba kiwango kilikuwa asilimia 20, kabla ya kushushwa kuwa 18 mwaka 2009. Wakati ule tulikuwa tunaigawa bei nzima kwa 6 na kodi inatoka, kwa sababu 20 katika 120 ni sehemu moja ya sita. Hakuna mhasibu aliyeelewa kazi yake aliyegawa kwa 5. Nafikiri namba 18 ndiyo imewaponza watu, kwa kuwa 18 katika 118 haitoi sehemu nyepesi ya kukariri.

Kijana wa Gungu

Mzee, hiyo 95,580 nimeirudia mara tatu na kweli inapotea. Sijasema nimekubali, lakini inapotea.

Takwimu wa Katubuka

Mnajisumbua bure na kugawa. Zidisheni bei nzima mara asilimia 15.25 mpate kodi, basi. Ndiyo njia ninayoitumia kila siku na haijawahi kunitupa.

Mhasibu Mstaafu

Ndugu yangu, uko karibu sana, lakini hujafika. 2,950,000 mara asilimia 15.25 ni 449,875. Umepungukiwa shilingi 125, kwa sababu 18 gawanya kwa 118 ni 0.152542 na tarakimu zinaendelea, nawe umezikata mapema. Kwenye bati moja huoni kitu. Kwenye mauzo ya mwezi mzima hesabu zako hazitalingana na ripoti ya mashine, na utakesha ukitafuta kosa ambalo halipo kwenye risiti yoyote. Tena namba yako inafaa kwa asilimia 18 tu. Ukiletewa ankara ya Zanzibar ya asilimia 15, itakupoteza kabisa. Hapo utagawa kwa 1.15. Kama unatumia jedwali la kompyuta, na bei nzima iko kwenye kisanduku A2, andika hivi na uache mashine ishike tarakimu zote:

```
=A2*18/118
```

Takwimu wa Katubuka

Shilingi 125 haiwezi kumfilisi mtu. Nitaendelea na yangu.

Mama Mabati

Nashukuru mzee wangu, Mungu akuzidishie. Lakini hebu tazameni tena alivyokigeuza kile kikokotoo. Angenikosoa kimya kimya, ningemwelekeza na tungeachana salama. Alikigeuza mara mbili!

Na kuna jambo bado linaniumiza kichwa. Anasema nikiandika 531,000 nitalipwa leo, na nisipoandika ankara inakaa. Je, nikimwandikia ankara anayoitaka na risiti ikabaki ya 450,000, kuna ubaya?

Mhasibu Mstaafu

Usithubutu, mama. Ukiandika kwenye ankara kwamba umetoza kodi 531,000, umejifunga mwenyewe: ukipeleka 450,000 utaulizwa tofauti iko wapi, na ukipeleka 531,000 umejitolea 81,000 yako. Na kama wao wamesajiliwa na wanajirudishia kodi ya manunuzi, watadai 531,000 kwa risiti isemayo 450,000. Karatasi mbili za biashara moja zisizolingana ndizo zinazoleta wakaguzi. Mpelekee barua fupi yenye lile jaribio la kurudi nyuma, uombe aijibu kwa maandishi. Kalamu nyekundu huwa nzito ikitakiwa kutia saini.

Mama wa Kibirizi

Samahani kuingilia. Mimi nauza maharage na sabuni, na sijasajiliwa VAT. Je, na mimi bei zangu nizigawe kwa 1.18 ili nijue faida yangu?

Mhasibu Mstaafu

Hapana dada. Kama hujasajiliwa, hutozi VAT, kwa hiyo ndani ya bei yako hakuna kodi yako ya kuitoa, na ukigawa utapata namba isiyo na maana. Kodi uliyolipa uliponunua sabuni kwa jumla ni sehemu ya gharama yako. Hata siku utakaposajiliwa, kumbuka kwamba maharage yasiyosindikwa yamesamehewa. Mteja akinunua maharage ya 60,000 na sabuni ya 59,000, usiigawe 119,000 yote. Gawa 59,000 ya sabuni peke yake, na kodi ni 9,000.

Mama wa Kibirizi

Basi mbona duka ninalonunua mimi limenigawia yote pamoja wiki iliyopita? Maharage ya kupanda na madumu, risiti moja, kodi juu ya vyote. Niliuliza nikaambiwa mashine ndiyo imeamua.

Fundi wa Mashine za Kunakili

Mashine haiamui, mama. Kuna mtu aliyebonyeza kundi la kodi lisilo lake. Lakini hayo ya bati na maharage ni madogo. Dirisha hilo hilo la pili, mwezi uliopita, nilipeleka ankara ya matengenezo ya 1,180,000 ikiwa na VAT ndani. Akanikata kodi ya zuio ya asilimia 5 juu ya 1,180,000 yote, yaani 59,000, badala ya 50,000 juu ya 1,000,000 iliyo bei ya kazi yangu. Na mimi alinigeuzia kikokotoo.

Mama wa Kibirizi

Na hati ya hiyo kodi ya zuio alikupa? Mume wangu anaidai yake tangu mwezi wa pili.

Fundi wa Mashine za Kunakili

Aliniambia nirudi Ijumaa. Sikuuliza Ijumaa ipi. Mume wako naye alikatwa juu ya bei nzima, au walimtolea VAT kwanza?

Mama wa Kibirizi

Ngoja akirudi kutoka ziwani nimwombe ile ankara, nitaipiga picha niiweke hapa.