Kampuni imenirudishia pesa ya bondi miaka miwili mapema, nishaurini haraka

BintiKasarani
Habari zenu wakubwa. Nina karatasi ya deni ya kampuni moja hapa Nairobi (jina naliweka kando) inayolipa asilimia 16.5 kwa mwaka, riba kila baada ya miezi sita. Ilikuwa iishe Machi 2028. Sasa nimepokea barua kwamba wanaikomboa yote Machi hii, wanarudisha mtaji na riba ya mwisho, basi. Notisi ni siku 30. Nilikuwa nimeshapanga ile riba kwa karo. Je, hii ni halali? Na pesa ikirudi niiweke wapi nipate 16 tena?

WakiliWaMtaani
Dada, mkataba ni mkataba. Waliahidi hadi 2028, walipe hadi 2028. Peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kesho asubuhi. Usikubali hiyo pesa iingie kwa akaunti, ukiipokea umekubali.

MzeeWaGithurai
Ndio maana nasema kila siku, karatasi ni karatasi. Shamba halikuandikii barua. Kumbukeni Oktoba 2015, Imperial Bank iliwekwa chini ya usimamizi ikiwa imetoka tu kuuzia watu bondi ya bilioni 2. Wewe umerudishiwa, sema asante na ununue ploti Juja.

KondaMstaarabu
Watu wanalia kwa kutolipwa, dada analia kwa kulipwa. Nairobi hii!

KaraniMstaafu
Nilikaa miaka mingi upande wa pili, idara ya fedha ya kampuni inayokopa, kwa hivyo nikueleze wanavyowaza wao. Wakili, tulia kidogo. Karatasi nyingi za aina hii zina kipengele kinachompa mkopaji haki ya kulipa mapema kuanzia tarehe fulani. Kama kimo, ni halali kabisa, na kukataa pesa hakumsaidii dada, kwa sababu riba inakoma siku ya ukombozi hata kama hujaichukua.

Hawalipi kwa wema, na si kwamba wana shida. Karatasi hii ni ya Machi 2024, sivyo? Februari mwaka huo Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13. Hati za serikali za siku 364 zilikuwa zinapita 16. Kuanzia Agosti 2024 riba ikaanza kushushwa mkutano baada ya mkutano, Oktoba 2025 ilikuwa 9.25. Mkopaji aliyechukua pesa pale juu ya mlima anatamani ashuke.

Tuseme kampuni yako ina deni la bilioni 3 kwa 16.5, na leo inaweza kukopa kwa 12. Tofauti ni asilimia 4.5, yaani milioni 135 kila mwaka, milioni 270 kwa miaka miwili iliyobaki. Kutoa karatasi mpya kunagharimu: wanasheria, washauri, mawakala wa mauzo. Weka asilimia moja na nusu, milioni 45. Wanabaki na faida safi ya zaidi ya milioni 200. Meneja wa fedha asiyelipa mapema hapo atafukuzwa. Lakini kama riba ingekuwa imeshuka kwa nusu asilimia tu, wangeokoa milioni 15 kwa mwaka, 30 kwa miwili, na gharama ni 45. Wasingekuandikia barua.

Hiyo milioni 135 haitoki hewani. Ilikuwa yenu.

Swali langu: uliinunua lini, na kwa bei gani?

MamaPili
Karani umeniamsha. Mimi nilitaka kulipa mkopo wangu wa nyumba mapema benki wakaniambia kuna faini! Kumbe wao wakikopa wanaweza kulipa wakitaka, sisi tukikopa tunapigwa. Dunia haina usawa.

KaraniMstaafu
MamaPili, faini yako ndiyo dawa ya ugonjwa wa dada huyu. Benki ilijua ukilipa mapema itabidi iikopeshe ile pesa upya kwa riba ya chini, ikakutoza fidia. Karatasi nzuri nazo humtoza mkopaji hivyo: akilipa mwaka wa kwanza analipa 102 kwa kila 100, mwaka unaofuata 101, kisha 100. Dada, yako inalipwa ngapi?

BintiKasarani
Ni 100. Hakuna nyongeza. Na ndiyo, kuna sentensi ya ukurasa wa nyuma inayosema kuanzia mwezi wa 24 wanaweza. Lakini niliambiwa hiyo huwekwa tu kwa utaratibu, haitumiki. Swali langu ni pesa niiweke wapi.

KaraniMstaafu
Hujajibu. Bei ya ununuzi?

BintiKasarani
Kwani ni muhimu? Niliinunua Machi 2025 kwa mtu aliyekuwa nayo, kupitia dalali.

ShoshWaRuaka
Mjukuu wangu, mtu akiulizwa bei mara mbili akajibu tarehe, hapo kuna jambo. Sema tu, hapa hakuna anayekujua.

BintiKasarani
Sawa. 106. Karatasi ya milioni moja nililipa 1,060,000. Lakini si hasara, dalali alinipigia hesabu akaonyesha napata asilimia 14 kwa mwaka hata baada ya kulipa hiyo nyongeza, na wakati huo riba ya hati za serikali ilikuwa imeshaanguka sana. Ningefanya tena.

KaraniMstaafu
Dalali hakukudanganya kwenye hesabu, alichagua hesabu. Ile 14 ni kweli ukiishikilia hadi 2028: kuponi 165,000 kila mwaka, na zile 60,000 za juu unazipoteza taratibu kwa miaka mitatu. Lakini karatasi ilikuwa na mlango wa Machi 2026, ile haki ya kampuni kulipa mapema. Piga hesabu hadi mlangoni. Umepokea 165,000, umepoteza 60,000 zote kwa mwaka mmoja, unabaki na 105,000 juu ya 1,060,000. Hiyo ni 9.9. Toa kodi ya zuio ya asilimia 15 kwenye riba, 24,750, unabaki na 80,250. Umepata kama asilimia 7.6.

Ukilipa zaidi ya 100 kwa karatasi yenye mlango, hesabu ya kuamini ni ile ya mlango wa karibu, kwa sababu kitu kilekile kilichopandisha bei, riba kushuka, ndicho kitakachomfanya mkopaji aufungue. Ndio maana karatasi hizi hazipandi bei kama nyingine: mnunuzi mjanja hatalipa 106 kwa kitu kinachoweza kuwa 100 mwakani. Machi 2025 riba ilikuwa tayari imepunguzwa mara kadhaa. Aliyekuuzia alijua kusoma kalenda.

FundiHesabu254
Hapa ndipo mimi nacheka. Nina bondi ya miundombinu ya serikali ya Februari 2024, 18.46 na haina kodi. Serikali haiwezi kunifukuza. Sina hatari ya aina hiyo hata kidogo. Dada nunua hiyo.

KaraniMstaafu
Hongera, ulinunua wakati wake. Ni kweli hakuna atakayeamka aikomboe kwa sababu riba imeshuka. Ila kila miezi sita unapokea karibu 92,300 kwa kila milioni. Hiyo unaiweka wapi? Si kwa 18 tena. Hatari ile imekuingilia kupitia kuponi, kidogo kidogo. Soma pia masharti yako kama mtaji unarudi kwa mafungu, bondi kadhaa za miundombinu zilitolewa hivyo. Na dada akitaka kuinunua leo atalipa bei ya juu ya 100 kiasi kwamba ile 18 anaiona kwenye karatasi tu.

FundiHesabu254
Kuponi natumia kulipia kodi ya nyumba, siziwekezi. Kwa hivyo niko sawa.

KaraniMstaafu
Kama unazila, uko sawa. Hapo nakubali.

BintiKasarani
Basi mimi nimepata mahali pa asilimia 18. Kuna jamaa wa Kilimani anatoa karatasi za mwaka mmoja kwa kampuni yake ya kukopesha wafanyabiashara. Nilitaka tu maoni, ila fomu nimeshajaza na nimelipa kiingilio.

JichoLaTatu
Nilikuwa nasubiri hapa. Wadau, huu uzi umetungwa. Karatasi za kampuni zilizo sokoni Nairobi ni za kuhesabu kwa vidole, na hakuna ninayoijua ya 16.5 iliyokombolewa Machi. Kilio kirefu, halafu mwishoni inatokea "asilimia 18 Kilimani". Kesho atakuja mwingine kusema amelipwa vizuri huko. Ni tangazo.

KondaMstaarabu
Jicho ameshika mtu kwa mlango wa nyuma.

BintiKasarani
Mimi si wakala wa mtu! Haikuwa imeorodheshwa, iliuzwa kwa watu wachache. Nimeweka picha ya barua, jina nimefuta.

JichoLaTatu
Barua nimeiona. Barua huandikwa. Kama haikuorodheshwa, ile 106 ilitoka soko gani?

BintiKasarani
Dalali ndiye aliyetaja.

KaraniMstaafu
Kama hadithi ni ya kweli, hilo jibu ndilo la kusikitisha kuliko yote. Kama si ya kweli, hesabu bado ni zilezile, kwa hivyo naendelea. Makampuni hulipa mapema kweli: EABL walikomboa noti zao za bilioni 11 za asilimia 12.25 Oktoba 2025, zikiwa zimebaki mwaka hivi, na karatasi mpya wakaitoa kwa 11.8. Tofauti hapo ni ndogo, nadhani walichotaka zaidi ni miaka mitano mipya kuliko punguzo lenyewe.

Dada, kuhusu Kilimani. Mkopaji mzuri leo anapata pesa kwa 12 au chini. Huyu kwa nini akupe 18? Ama benki zimemkataa, ama ana mlango. Fungua ile fomu utafute maneno ya kulipa kabla ya muda.

BintiKasarani
"Mtoaji anaweza kukomboa wakati wowote baada ya miezi mitatu kwa thamani ya awali."

KaraniMstaafu
Basi akipata pesa ya bei nafuu anakurudishia baada ya miezi mitatu, umepata 45,000 kabla ya kodi na unarudi hapa kuuliza uziweke wapi. Akikosa, ni kwa sababu hakuna mwingine anayemkopesha, na umebaki naye wewe.

BintiKasarani
Lakini ukweli ni kwamba 12 haitoshi karo. Nahitaji 165,000 kwa mwaka, 12 inanipa 120,000.

ShoshWaRuaka
Basi 45,000 itafute kwenye matumizi, mjukuu, usiitafute Kilimani.

WakiliWaMtaani
Bado nasema alalamike. Hiyo sentensi ya ukurasa wa nyuma, alielezwa?

KaraniMstaafu
Hilo la dalali, ndiyo, linaweza kuulizwa. La kampuni, sidhani.

MamaPili
Karani, samahani, nirudi kwa langu. Faini ya mkopo wangu ikiwa ndogo kuliko ninachookoa kwa kuhamia benki nyingine, nihame?

KaraniMstaafu
Lete kiasi kilichobaki, riba zote mbili na miaka. Fungua uzi wako.