Picha za sendofu: mama kaniuliza "huyu nani?" Mwisho wa kuediti uko wapi?

Binti wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Sendofu yangu ilikuwa mwezi uliopita, picha nimezipata juzi. Nikampa mama simu aangalie ile niliyokaa peke yangu. Akaitazama sana, akaniuliza, "Huyu nani, binti wa shangazi yako?" Hakuwa anatania. Uso umekuwa mweupe kuliko mikono, pua imechongwa, na kovu la kidevuni nililolipata nikiwa na miaka 6 halipo. Nimemwomba kameramani arekebishe, ananiuliza arekebishe nini hasa, nami nabaki kusema "sio mimi huyu". Naombeni ushauri, nimwambie nini?

Baharia Kigamboni
Picha isiguswe, basi. Ilivyotoka kwenye kamera ndivyo ulivyo.

Fundi wa Sinza
Baharia, umesema nusu. Kamera nayo inabadilisha mtu. Jipige kwa simu kwa umbali wa mkono, pua inakuja mbele na masikio yanarudi nyuma. Mtu akikupiga akiwa amesogea mbali akavuta kwa lenzi, pua inakaa mahali pake. Na mtu mweusi akisimama mbele ya kitambaa cheupe, kamera ikiachiwa ijipimie mwanga inaupunguza, anatoka kama kivuli. Kumwongezea mwanga hapo ni kumrudisha alivyo.

Dada, nina miaka 11 kwenye kazi hii. Kitu ambacho wiki mbili zijazo hakitakuwepo nakifuta bila kuuliza: chunusi, alama ya mbu, jasho linalong'aa. Kitu cha kudumu kama kovu au doa la kuzaliwa sikigusi mpaka mwenye uso aniambie. Weusi chini ya macho naupunguza tu. Naurekebisha kwenye tabaka lake peke yake, kisha nashusha Opacity, yaani uzito wa tabaka hilo, hadi asilimia 40 au 50 ili ngozi ya asili ionekane kwa chini, kwa sababu ukiufuta wote uso unakuwa bapa. Pua na taya sizisogezi kabisa. Nadhani pua ndiyo iliyompoteza mama yako, sio rangi.

Niambie, gauni lilikuwa rangi gani, na shingo ikoje?

Binti wa Tabata
Rangi ya maziwa, lina lesi, na lesi inaonekana vizuri tu. Shingo juu nyeupe, chini rangi yangu.

Fundi wa Sinza
Basi mwanga haukuongezwa picha nzima. Ungeongezwa kiasi hicho, gauni lingeungua kwanza, lesi isingeonekana. Kachagua uso peke yake, na huo mstari wa shingoni ndipo brashi yake ya kuediti ilipoishia. Sasa vuta shavu karibu. Usipoona vitundu vya ngozi, amelainisha, na hiyo hairudi kwenye JPEG aliyokutumia. Lazima aanze upya na faili la asili.

Mama Junior
Afadhali wewe ni sendofu. Mimi studio ilinifuta mabaka ya mashavuni kwenye picha za viza, zikakataliwa, nikalipa mara mbili. Kwa hiyo za viza mtu anaruhusiwa kufuta kiasi gani?

Fundi wa Sinza
Uso hauguswi, mama, hata chunusi. Maelekezo ya viza ya Marekani, kwa mfano, yanakataza kabisa kubadilisha sura kwa kompyuta. Ila swali la dada ni jingine.

Mekapu Mbezi
Fundi, naheshimu kazi yako ila usimhukumu mwenzako haraka. Mimi napamba maharusi. Kuna poda zinazorudisha mwanga wa flashi, kwa macho bibi harusi yuko sawa, kwenye picha uso unatoka mweupe na mstari huohuo shingoni poda ilipoishia. Dada, tafuta picha ya mgeni aliyekupiga kwa simu bila flashi.

Fundi wa Sinza
Hilo kweli sikulifikiria. Poda inaweza kuleta mstari. Pua haiwezi.

Binti wa Tabata
Nimepata ya binamu yangu, bila flashi. Uso na mikono rangi moja. Kwa hiyo ni poda au brashi?

Mekapu Mbezi
Hapo bado huwezi kujua. Mwombe akuonyeshe faili la asili kwenye kompyuta yake, kabla hajaligusa. Uso ukiwa mweupe humo ni poda, na yeye alitakiwa aushushe ulingane na mikono. Ukiwa sawa, ni brashi yake.

Binti wa Tabata
Asanteni sana. Kesho naenda na picha ya binamu mkononi. Nitamwambia aanze na faili la asili, uso ulingane na mikono, pua aiache, na vitundu vya ngozi vionekane. Limebaki kovu. Mama anataka lirudi, anasema yeye ndiye aliyenibeba hadi hospitali siku ile. Dada yangu anasema siku ya sendofu hakuna anayetaka kuona kovu. Mimi mwenyewe sijui.

Fundi wa Sinza
Mwambie akupe mbili, yenye kovu na isiyo nalo. Kwa mwenye faili la asili ni kazi ya dakika chache.

Baharia Kigamboni
Itakayotundikwa ukutani ni ipi sasa?

Binti wa Tabata
Ndicho tunachobishania hapa nyumbani.