Tupeane uzoefu: kadi imerudi, boksi halijatimia

Storekipa Changamwe
Jamani mnaoshika stoo za vifaa, hebu tupeane uzoefu. Mimi niko karakana ya matrela. Kila fundi ana vibati sita vya shaba vyenye nambari yake. Akichukua spana, kibati kinabaki kwenye ndoano yake. Vya boksi anaandikiwa kadi, anatia sahihi. Saa kumi na moja jioni natazama ubao. Ndoano yenye kibati hainiumizi kichwa, najua nimwite nani. Inayonitisha ni ile isiyo na spana wala kibati.

Sasa, jioni moja ubao ulikuwa safi. Boksi la soketi, vipande 24, lilirudi, nikachana kadi mbele ya fundi. Asubuhi mwengine analifungua, tundu la 17 liko wazi. Namwita wa jana, ananijibu, "Si nilikukabidhi, na kadi ukaichana?" Sikuwa na la kusema. Soketi tuliipata siku ya tatu, imekaa juu ya fremu kando ya tangi la upepo, na trela lishakwenda Voi na kurudi. Nyinyi mnahesabu vipi?

Kijana wa Jomvu
Nunua mizani ya jikoni, kaka. Pima boksi likiwa kamili, andika uzito kwenye kifuniko. Jioni unaliweka tu, likipungua umemkamata.

Mzee wa Mbaraki
Mizani inasaidia, kijana wangu, lakini nusu tu. Boksi likirudi na grisi na kitambaa ndani, uzito unajifidia. Na mtu akipoteza 17 nzuri akatia ya bei rahisi, mizani inaona sawa.

Mimi nilikata sponji mbili, nyeusi juu na nyekundu chini. Kila kipande kina tundu lake lenye nambari, kisipokuwepo unaona jicho jekundu. Boksi nalifungua kaunta, uso wake kwa fundi, tunasoma nambari pamoja. Hatuhesabu jumla, maana 24 inaweza kutimia kukiwa na 19 mbili na 17 hakuna. Na tunafanya hivyo pia wakati wa kutoa! Wewe ulikosea asubuhi kabla ya kukosea jioni: hata ungelifungua ukaona tundu tupu, angekwambia alilichukua hivyo hivyo.

Storekipa Changamwe
Mzee, hapo umenishika. Asubuhi nilikuwa nalitoa limefungwa. Lakini jioni mafundi kumi wamenisimamia dirishani, matatu zinawangoja, nitasoma nambari saa ngapi?

Mzee wa Mbaraki
Anza saa kumi na nusu na maboksi peke yake. Ndoano zije mwisho, hizo unaziona kwa jicho.

Mama Drili
Mimi nakodisha drili na grainda Kongowea. Nachukua kitambulisho na amana, na bado zinarudi na waya umekatika. Kibati kitanisaidia nini?

Mzee wa Mbaraki
Dada, wako ni wateja, hawa ni wafanyakazi. Amana ndiyo kibati chako. Ila iwashe mbele yake akichukua na akirudisha.

Fundi Mvunguni
Mnatusema sana. Mimi niko chini ya gari, mwenzangu anaomba ringi ya 13, nampa. Atarudisha yeye. Kibati si kimebaki na nambari yangu? Spana haijapotea.

Storekipa Changamwe
Haijapotea kwako, ami. Jioni mimi nakuita wewe, wewe unamwita yeye, yeye yuko feri Likoni. Njooni dirishani, kibati chako kitoke, chake kiingie.

Fundi Mvunguni
Kwa spana ya dakika mbili? Haya.

Binti Hesabu
Kwetu kijana alikatwa mshahara kwa toki renchi iliyopotea, ilhali kadi yake ilikuwa imesharudishwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea kwa makusudi ya mfanyakazi. Kupotea tu hakutoshi. Kadi msizichane, zipigeni mstari na mziweke.

Mzee wa Mbaraki
Hilo la kadi nalichukua. Mimi pia huchana.

Storekipa, jambo moja bado. Kipande kikikosekana, ufunguo wa gari ambalo fundi alikuwa analitengeneza unabaki stoo mpaka kipatikane. Soketi ya juu ya fremu itaanguka barabarani. Ya ndani ya giaboksi itasaga meno.

Storekipa Changamwe
Nilijaribu Jumanne, ekstenshani ya soketi ilipokosekana. Bosi alikuja mwenyewe dirishani, kontena linangojwa bandarini, akachukua ufunguo. Nikamwambia atie sahihi kadi ya ufunguo. Akacheka, akatia. Gari likaondoka, na ekstenshani bado hatujaiona.